Mzigo wa Kesho: Uchambuzi wa Makisio ya Umeme, Saa kwa Saa, katika Thika na Ruiru

Kila asubuhi mtu aliyekabidhiwa kazi ya kugawa umeme hukabiliwa na maswali 24 ambayo hayana budi kujibiwa kabla ya jua la kesho kuchomoza: saa tisa ya usiku watu watataka megawati ngapi, saa kumi na moja alfajiri ngapi, saa mbili usiku ngapi, na kadhalika mpaka siku itimie. Majibu hayo ndiyo yanayoongoza mitambo. Mvuke wa Olkaria hutoka kwa kadiri ileile usiku na mchana, na kuupunguza ni hasara. Maji ya mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga na Kamburu mpaka Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaweza kufunguliwa kwa dakika chache, walakini yaliyotumika leo hayatapita tena kesho katika mtambo uleule. Na mitambo ya mafuta mazito, ambayo mmojawapo, wa megawati 87, umejengwa Thika kwenyewe, hutoa umeme ghali kuliko wenzake, na sharti ijulikane mapema kama itahitajika jioni au haitahitajika.

Muradi wa makala haya ni sehemu moja tu ya jambo hilo. Siku hizi kuna aina ya hesabu za kompyuta iitwayo mtandao wa konvolusheni ya wakati, ambayo imeonyesha uhodari mkubwa katika kusoma mifuatano ya namba. Nasi twataka kujua, kwa insafu na bila ya kupumbazwa na jina, inaongeza nini juu ya hesabu nyepesi ambazo karani mwenye daftari na kalamu angeweza kuzifanya. Miji ya Thika na Ruiru inafaa kuwa uwanja wa jaribio, kwa sababu imekaa jirani juu ya barabara moja, inapata mvua zilezile za masika na vuli na kipupwe kilekile cha Juni hadi Agosti, ilhali tabia zake za umeme ni mbalimbali kabisa.

Thika ni mji wa viwanda. Mananasi ya Del Monte, mafuta ya kupikia ya Bidco, nguo za Thika Cloth Mills, vyote huendeshwa kwa zamu, na zamu hupandisha mzigo kwa ngazi: mashine huwashwa pamoja, huzimwa pamoja, na Jumapili huonekana katika namba kama bonde. Ruiru nayo, ijapokuwa ina viwanda vyake, imekuwa makao ya watu wanaofanya kazi Nairobi. Sensa ya mwaka 2009 iliikuta na watu 238,858, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu watu 490,120. Mzigo wake hupanda mara mbili kwa siku: mara ya kwanza kabla ya mapambazuko, watu wanapooga kwa hita za bafuni ili wawahi matatu, na kila hita inapowashwa huvuta kilowati kadhaa kwa mkupuo mmoja, mara ya pili baada ya magharibi, wakati taa, televisheni, pasi na pampu za maji za nyumba za ghorofa zinapofanya kazi kwa pamoja. Baina ya saa moja na saa tatu za usiku ndipo kilele kilipo, na ndipo kosa la makisio linapoumiza.

Tuanze na kigezo chepesi kuliko vyote, ambacho husema hivi: kesho saa mbili usiku itakuwa sawa na saa mbili usiku ya siku kama hiyo wiki iliyopita. Wiki moja ina saa 168, na kwa mwandishi wa programu jambo zima ni mstari mmoja.

```python
makisio = mzigo.shift(168)
```

Msomaji asiudharau mstari huo. Karibu na ikweta jua huzama Thika kwa tofauti ya takriban nusu saa tu mwaka mzima, saa hazisogezwi mbele wala nyuma kwa ajili ya majira, na nyumba hazipashwi moto kwa miezi minne kama zilivyo Ulaya. Kwa hiyo sababu nyingi zinazoivuruga wiki ya huko hapa hazipo, na wiki moja hufanana na nyingine kuliko wataalamu wa nchi za baridi wanavyotarajia. Tena kigezo hiki hakina shida na ongezeko la watu. Ikiwa mzigo wa Ruiru ungekua kwa mwendo wa sensa zile mbili, yaani zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka, anayeiga mwaka jana angekuwa na upungufu wa asilimia 7 kabla hajaanza kazi, bali anayeiga wiki jana angepungukiwa na chini ya asilimia 0.2.

Wengine hupendelea kuiga jana badala ya wiki jana, na hapa kuna hitilafu inayopita bila kuonekana. Ikiwa makisio ya Jumanne hutayarishwa Jumatatu saa nne asubuhi, basi Jumatatu saa mbili usiku bado haijafika, na hakuna awezaye kuinakili. Anayeijaribu hesabu yake kwa namba za zamani, ambapo siku zote zimekwisha pita, aweza kujiazima saa kumi na nne za baadaye bila kujua. Kila mbinu, iwe nyepesi au nzito, sharti ipewe yale tu ambayo yangekuwa mezani saa ile ya kukisia. Na mtandao uliosifiwa kwa kukisia saa moja mbele haujathibitisha lolote kuhusu kukisia kesho nzima, maana kwa saa moja mbele hata kurudia namba ya mwisho ni kazi nzuri.

Upungufu wa kuiga wiki jana huonekana katika sikukuu, na mfano bora ni wa Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023, ambayo serikali ya Kenya iliitangaza kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Katika mji wa viwanda kigezo chetu hukosa hapo mara mbili: tarehe 13 hutaraji Jumatatu ya kazi ilhali mashine zimelala, na tarehe 20 hutaraji mashine zilale ilhali zamu zimerudi. Madaraka, Mashujaa na Jamhuri zina tarehe zake na zaweza kuandikwa katika kalenda miaka kumi mbele. Pasaka hutembea lakini huhesabika. Idi hungoja mwezi uandame na tangazo litoke. Na siku kama ile ya miti huja kwa amri ya ghafla. Hesabu yoyote isiyo na mahali pa kuambiwa kwamba kesho ni sikukuu itakosa siku hizo, hata ingekuwa na tabaka mia.

Kigezo cha pili, basi, ni rigresheni ya kawaida. Kila moja ya saa 168 za wiki hupewa kiwango chake. Huongezwa alama ya sikukuu, alama ya siku inayofuata sikukuu, wastani wa mzigo wa wiki nne zilizopita ili ongezeko la watu lifuatwe, na utabiri wa joto na mawingu. Hesabu hii humalizika kwa sekunde chache, na kila namba yake yaweza kusomwa na kuhojiwa: mhandisi akiona kwamba sikukuu inapunguza mzigo wa laini fulani ya Thika kwa theluthi, aweza kusema kama jambo hilo laelekea kuwa kweli. Huyu ndiye mshindani wa haki. Aghalabu wanaoutangaza mtandao mpya huushindanisha na kigezo dhaifu, au hawaushindanishi na chochote, kisha hutoa asilimia ya kosa peke yake, ambayo haimwambii msomaji kama kazi ilikuwa ngumu au rahisi. Mwaka 2018 Spyros Makridakis na wenzake walizipima mbinu za mashine zijifunzazo kwa mifuatano zaidi ya elfu moja ya kila mwezi, wakaona kwamba mbinu za takwimu za zamani zilizishinda. Mifuatano ile ilikuwa mifupi, na hali ya umeme wa kila saa ni tofauti kwa sababu namba ni nyingi. Lakini sharti la kuanza na mshindani mwepesi halikuondoka.

Sasa tuutazame mtandao wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa DeepMind walitoa WaveNet, uliounda sauti kwa konvolusheni zisizotazama mbele, na mwaka 2018 Shaojie Bai, Zico Kolter na Vladlen Koltun wakaonyesha kwamba muundo wa namna hiyo, ukirahisishwa, waweza kuishinda mitandao ya kujirudia katika kazi nyingi za mifuatano. Konvolusheni ni chujio dogo la namba, tuseme tatu, ambalo hupitishwa juu ya mfuatano wa saa. Katika kila hatua huzidisha saa tatu kwa namba zake tatu na kujumlisha. Halitazami mbele, kwa kuwa huruhusiwa kuchukua saa iliyopo na zilizotangulia tu. Hila yake iko katika kuruka: tabaka la kwanza husoma saa zinazofuatana, la pili huruka mbilimbili, la tatu nnenne, kisha nanenane, kumi na sita kumi na sita, thelathini na mbili thelathini na mbili, na hivyo kwa tabaka chache mtandao hufikia mbali katika siku zilizopita. Katika muundo wa Bai na wenzake kila tabaka lina machujio mawili mfululizo, pamoja na njia ya mkato inayopeleka namba za mwanzo moja kwa moja mbele ili mafunzo yasipotee njiani. Upana wa saa ambazo mtandao waweza kuziona hupatikana hivi, ambapo `k` ni urefu wa chujio na `L` ni idadi ya tabaka:

```
upana = 1 + 2(k − 1)(2^L − 1)

k = 3, L = 5:  1 + 2 × 2 × 31 = 125
k = 3, L = 6:  1 + 2 × 2 × 63 = 253
```

Hesabu hii ndogo ina uzito mkubwa. Mwenye kujenga tabaka tano ameupa mtandao wake saa 125, yaani siku tano na saa tano, na hivyo ameuficha wiki jana, ambayo tumekwisha kuona kuwa ndiyo shahidi bora kuliko wote. Kisha atashangaa kwa nini mstari mmoja wa `shift(168)` unamshinda. Tabaka sita hufikia saa 253, lakini hata hapo upo mtego, kwa sababu upana huhesabiwa kurudi nyuma kutoka saa ya kukisia na si kutoka saa inayokisiwa. Kesho saa mbili usiku iko saa 34 mbele ya leo saa nne asubuhi, na saa yake ya wiki jana iko saa 134 nyuma. Tabaka tano hazifiki hapo. Sita zinafika, ila wiki mbili nyuma, saa 302, haziioni. Tabaka la saba hupeleka upana kwenye saa 509, na hapo wiki tatu zilizopita za kila saa ya kesho zimo machoni.

Jambo jingine la lazima ni kalenda ya siku inayokisiwa. Kwa kuwa machujio husoma yaliyopita tu, mtandao usioambiwa kwamba kesho ni Jumapili au Mashujaa hauna njia ya kujua sikukuu kamwe. Kwa hiyo mwishoni mwa tabaka, kabla ya kutoa namba 24 kwa pamoja, huunganishwa alama za kesho: siku ya wiki, sikukuu, na utabiri wa mawingu. Mawingu nayataja makusudi. Viwanda vilivyoweka paa za sola hununua umeme pungufu mchana wa jua, na asubuhi za Julai, wingu zito linapofunika nyanda hizi mpaka karibu na adhuhuri, mita huonyesha mzigo uliozidi ilhali kiwandani hakuna mashine iliyoongezwa. Na sharti mtandao upewe utabiri wa hali ya hewa kama ulivyotolewa siku ile, wala si hali ya hewa kama ilivyotokea, kwa maana kesho hatutakuwa nayo.

Hayo yote ni ya hesabu. Lakini kazi kubwa iko katika namba zenyewe, na hapa ndipo nadhani wengi wa wanaoandika juu ya mitandao hawakai kwa muda wa kutosha. Mita haipimi mahitaji ya watu. Hupima umeme uliowafikia. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya kwa saa nyingi, na kila daftari la mzigo la usiku ule lina shimo. Sifuri ile haina maana kwamba watu wa Ruiru hawakutaka taa. Anayeiga wiki jana atakisia giza Ijumaa ya tarehe 1 Septemba. Na mtandao uliofundishwa kwa namba hizo bila kuonywa utajifunza kwamba mara mojamoja, pasipo sababu, mzigo hudondoka, na utayapunguza makisio yake kidogo kila usiku ili kujikinga na adhabu.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, saa za kukatika huondolewa katika hesabu ya kosa, wakati wa mafunzo na wakati wa mtihani, ili mtandao usiadhibiwe wala usisifiwe kwa ajili yake. Pili, mahali pa sifuri katika pembejeo hujazwa wastani wa saa ileile ya wiki zilizotangulia, na pembeni huwekwa safu ya alama isemayo kwamba namba hii ni ya kujazwa. Tatu, na hili husahauliwa, saa moja au mbili baada ya umeme kurudi nazo zina alama yake, kwa sababu friji zote zimepata joto, matangi yamekwisha maji, na kila kitu huvuta kwa pamoja, hata mzigo ukapita kiasi cha desturi. Kukatika kudogo kwa mtaa mmoja ni kugumu zaidi kukagua, kwa kuwa mzigo hupungua bila kufika sifuri. Dalili yake ni mteremko wa ghafla katikati ya saa ya kawaida, unaofuatwa na mruko juu ya kawaida wakati wa kurudi.

Kuna hitilafu nyingine ifananayo na mabadiliko ya kweli. Fundi akitaka kukarabati laini moja ya kilovolti 11, huhamishia wateja wake kwenye laini jirani, na daftari litaonyesha kwamba mtaa mmoja umehama na mwingine umefurika. Kuitambua ni rahisi kwa mwenye kuangalia laini mbili pamoja: kiasi kilichopungua hapa ni kilekile kilichoongezeka pale, saa ileile, na jumla ya kituo haikutikisika. Kwa sababu hiyo napendelea makisio yafanywe kwanza kwa jumla ya kituo, kisha yagawanywe kwa laini. Na ukaguzi wa mwisho ni wa saa zenyewe: ikiwa kilele cha taa chaonekana saa kumi na moja jioni, kabla ya jua kuzama, basi namba ziliandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na alama zote za kalenda zimekaa mahali pasipo pake.

Tufanye sasa mashindano kwa mfano wa kubuni, wenye namba nilizozichagua ili hesabu ionekane bayana. Tuseme kituo cha Ruiru kina kumbukumbu za miaka mitatu. Miwili ya kwanza, saa 17,520, ni ya kufundishia, na mwaka wa tatu ni wa mtihani, ukisomwa kwa mpango wa kusonga mbele: fundisha mpaka wiki hii, kisia ijayo, ongeza wiki hiyo kwenye mafunzo, endelea. Kuzichanganya siku kwa bahati nasibu ni haramu hapa, maana Jumatano ya mtihani ingekaa baina ya Jumanne na Alhamisi za mafunzo, na mtandao ungejibu kwa kukumbuka. Tuseme kuiga wiki jana kumetoa kosa la wastani la megawati 0.24, rigresheni 0.19, mtandao 0.18. Tukigawanya kwa kosa la wiki jana twapata 0.79 kwa rigresheni na 0.75 kwa mtandao. Uwiano huu hueleweka popote: chini ya moja, mbinu imeongeza kitu, juu ya moja, imeharibu.

Je, mtandao umeshinda? Bado haijathibiti. Mtandao wa tabaka sita wenye njia 32 una takriban namba 35,000 za kurekebishwa, ambazo ni nyingi kuliko saa zote za mafunzo, na huanza kutoka namba za bahati nasibu. Ukifundishwa mara tano kwa mianzo tofauti waweza kutoa 0.17, 0.18, 0.18, 0.19 na 0.21. Ikiwa tofauti baina ya nakala za mtandao mmoja ni kubwa kuliko tofauti baina yake na rigresheni, hoja ya ushindi imeanguka. Nafuu hupatikana kwa njia mbili: kuchukua wastani wa nakala zile tano, na kuufundisha mtandao mmoja kwa laini nyingi za Thika na Ruiru kwa pamoja, kila laini ikiwa imegawanywa kwanza kwa wastani wake, ili mtandao upate maelfu mengi ya saa na ujifunze umbo la jioni ya mtaa wa makazi kutoka mitaa kumi badala ya mmoja.

Wala wastani wa mwaka si hakimu wa kutosha. Saa za usiku wa manane ni nyingi na nyepesi, na mbinu yoyote hupata sifa kwazo. Napenda kosa litenganishwe: saa moja hadi saa tatu za usiku peke yake, siku za kazi peke yake, sikukuu na kesho yake peke yake. Hapo, kwa kadiri muundo wa mambo unavyoonyesha, mahali pa mtandao hudhihirika. Katika mitaa ya makazi ya Ruiru, ambako wiki hujirudia na ongezeko ni la polepole, rigresheni itakuwa imekwisha chukua karibu yote yanayoweza kuchukuliwa. Katika Thika kiwanda chaweza kuongeza zamu ya usiku kwa wiki mbili kisha kikaiacha, hasa kwa kuwa tangu Desemba 2017 umeme wa ziada unaotumiwa na viwanda baina ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi umekuwa na nafuu ya bei. Na huko rigresheni yenye kiwango kimoja kwa kila saa ya wiki huchelewa kung'amua, ilhali mtandao unaosoma umbo la siku tatu zilizopita waweza kuona kwamba ngazi ya saa nne usiku imeota, na kuibeba hadi kesho.

Tena makosa mawili ya jioni hayalingani kwa gharama. Kukisia kwa kuzidi huwasha mtambo wa mafuta usiohitajika; kukisia kwa kupungukiwa huwaacha watu gizani au huichosha transfoma. Mtandao waweza kufundishwa kutoa, badala ya namba moja, kiwango ambacho mzigo hautakipita katika jioni tisa kati ya kumi, na ukweli wa dai hilo hukaguliwa kwa kuhesabu tu: katika jioni 100 za mtihani, zilizopita kiwango zikaribie kumi. Zikiwa ishirini na tano, mtandao una majivuno. Zikiwa mbili, unapoteza mafuta. Rigresheni pia yaweza kufundishwa hivyo hivyo, nayo ipewe nafasi hiyo kabla ya hukumu. Na makisio ya wiki jana yaendelee kuandikwa kando yao kila siku, hata baada ya mtandao kuingizwa kazini, kwa kuwa siku mtandao utakapoanza kushindwa nayo kwa wiki mbili mfululizo, mhandisi atajua, kabla ya kutafuta kwingine, kwamba laini imehamishwa, mita imeharibika, au kiwanda kimebadilisha zamu.